Gesi adimu

Gesi adimu (pia: gesi bwete) ni kundi la elementi sita za asili zinazopatikana katika safu ya mwisho upande wa kulia wa jedwali la elementi: heli (He), neoni (Ne), arigoni (Ar), kriptoni (Kr), zenoni (Xe) na radoni (Rn). Zote ni gesi katika halijoto ya kawaida. Hazina rangi, harufu wala ladha. Tabia yake kuu ni kwamba ni vigumu sana kuungana na elementi nyingine.

Tabia hiyo inatokana na mpangilio wa elektroni katika atomu zake: mzingo wa nje umejaa. Kwa sababu hiyo gesi hizi hutumika pale ambapo gesi nyingine ingewaka, ingekula chuma au ingebadilika kuwa kitu kingine, kwa mfano ndani ya taa na ndani ya maputo.

## Jina na ugunduzi

Neno "adimu" linaweza kupotosha, kwa maana si zote ni haba. Arigoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa kavu, yaani katika kila lita 100 za hewa kuna karibu lita moja ya arigoni. Ni nyingi kuliko dioksidi ya kaboni mara zaidi ya ishirini. Hata hivyo haikutambuliwa hadi mwaka 1894, kwa sababu haifanyi lolote la kuonekana: haiwaki, haisaidii moto, haiyeyushi kitu wala haibadilishi rangi ya kitu.

Iligunduliwa kwa njia ya mizani. Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa nitrojeni. Lita moja ya nitrojeni iliyotolewa hewani, baada ya kuondoa oksijeni, mvuke na dioksidi ya kaboni, ilikuwa na gramu 1.257. Lita moja ya nitrojeni iliyotengenezwa kutokana na kemikali kama amonia ilikuwa na gramu 1.251 tu. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilijirudia kila mara. William Ramsay alichukua nitrojeni ya hewani akaipitisha mara nyingi juu ya magnesi ya moto, ambayo huinyonya nitrojeni. Ikabaki gesi kidogo iliyokataa kuungana na magnesi. Waliiita arigoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "mvivu". Mwaka 1898 Ramsay na Morris Travers walipata pia neoni, kriptoni na zenoni kwa kuchemsha polepole hewa iliyogeuzwa kuwa kiowevu.

## Mizingo ya elektroni

Kila atomu ina kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya. Kuzunguka kiini kuna elektroni zenye chaji hasi, zilizopangwa katika mizingo, mmoja nje ya mwingine. Mzingo wa kwanza, ulio karibu zaidi na kiini, hauwezi kubeba zaidi ya elektroni 2. Mzingo wa pili hubeba 8. Elektroni za mzingo wa nje kabisa ndizo zinazokutana na atomu nyingine, kwa hiyo ndizo zinazoamua kama atomu itaungana na nyingine au la.

Mpangilio wa elektroni za gesi adimu ni huu:

- Heli: 2
- Neoni: 2, 8
- Arigoni: 2, 8, 8
- Kriptoni: 2, 8, 18, 8
- Zenoni: 2, 8, 18, 18, 8
- Radoni: 2, 8, 18, 32, 18, 8

Isipokuwa heli, zote zina elektroni 8 katika mzingo wa nje. Heli ina 2 tu, lakini mzingo wake ni ule wa kwanza, na kwa mzingo huo 2 ndiyo idadi kamili.

Mwanafunzi makini anaweza kuuliza: mzingo wa tatu unaweza kubeba elektroni 18, basi kwa nini arigoni yenye 8 katika mzingo huo ihesabiwe kuwa imejaa? Jibu ni kwamba kila mzingo umegawanyika katika ngazi ndogo. Ngazi mbili za kwanza hubeba elektroni 2 na 6, jumla 8. Ngazi inayofuata ndani ya mzingo wa tatu, yenye nafasi 10, iko juu zaidi kwa nishati. Iko juu kiasi kwamba katika kali (potasiamu), elementi inayofuata arigoni, elektroni ya 19 haiingii humo bali huanza mzingo wa nne. Kwa hiyo "kujaa" kunakohusika na utulivu wa gesi hizi ni kujaa kwa zile ngazi mbili za kwanza.

## Kwa nini haziungani kwa urahisi

Husemwa mara nyingi kwamba atomu "hutaka" elektroni nane. Huu ni mkato wa maneno tu, kwa maana atomu haina utashi. Sababu halisi inaonekana tukilinganisha elementi tatu zinazofuatana: florini yenye elektroni 9, neoni yenye 10 na natiri (sodiamu) yenye 11.

Natiri ina elektroni moja peke yake katika mzingo wa tatu. Elektroni hiyo iko mbali na kiini, na kati yake na kiini kuna elektroni 10 zinazokinga mvuto. Ingawa kiini kina protoni 11, elektroni ya nje huhisi mvuto mdogo tu. Kuing'oa kunahitaji nishati ya kilojuli 496 kwa moli moja ya atomu. Kwa hiyo natiri huipoteza kwa urahisi, na kipande chake kikitupwa majini humenyuka kwa ukali.

Neoni haina elektroni katika mzingo wa tatu. Elektroni zake 8 za nje ziko katika mzingo wa pili, karibu na kiini, na kinga iliyopo ndani yake ni elektroni 2 tu. Elektroni zilizo katika mzingo mmoja hazikingani vizuri, kwa kuwa ziko katika umbali uleule kutoka kiini. Kila moja huhisi sehemu kubwa ya mvuto wa protoni 10. Kuing'oa moja kunahitaji kilojuli 2,081 kwa moli, zaidi ya mara nne ya natiri. Hakuna mmenyuko wa kawaida unaolipa gharama hiyo.

Je, neoni haiwezi kupokea elektroni badala ya kutoa? Florini hupokea kwa urahisi, kwa sababu mzingo wake wa pili una elektroni 7 na umebaki na nafasi moja karibu na kiini chenye mvuto mkali. Kwa neoni nafasi hiyo imekwisha. Elektroni mpya ingelazimika kukaa katika mzingo wa tatu, na huko elektroni 10 zilizopo zingefunika mvuto wa protoni zote 10. Hakuna kinachoishika, hivyo haikai.

Kuna njia ya tatu ya kuungana, yaani kushirikiana elektroni. Atomu mbili za hidrojeni hushirikiana elektroni zao mbili, na kila moja hupata mzingo kamili. Atomu mbili za heli zikikaribiana hazina nafasi ya kushirikiana. Mizingo yote miwili imejaa tayari.

Basi kutoa ni ghali, kupokea hakuna pa kuweka, na kushirikiana hakuna faida. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba mzingo uliojaa huifanya atomu kuwa tulivu. Matokeo yake mengine ni kwamba gesi adimu hukaa kama atomu mojamoja, wakati oksijeni, nitrojeni na hidrojeni za hewani hutembea zikiwa mbilimbili. Jambo hili lina umuhimu katika maputo, kama itakavyoonekana hapa chini.

## Mipaka ya utulivu

Kwa zaidi ya miaka sitini baada ya ugunduzi wake, vitabu vingi vilifundisha kwamba gesi hizi haziungani kabisa. Mwaka 1962 mwanakemia Neil Bartlett, katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alionyesha kuwa si hivyo.

Bartlett alikuwa akichunguza heksafloridi ya platini (PtF₆), gesi yenye nguvu kubwa ya kunyakua elektroni. Aligundua kwamba inaweza kunyakua elektroni hata kutoka molekuli ya oksijeni. Kisha akatazama orodha ya nishati za kung'oa elektroni, akaona kwamba zenoni inahitaji kilojuli 1,170 kwa moli, karibu sawa kabisa na molekuli ya oksijeni. Alifikiri kwamba kama oksijeni imekubali, zenoni nayo ingekubali. Alipozikutanisha gesi hizo mbili, mvuke mwekundu wa PtF₆ na zenoni isiyo na rangi, mara ilitokea dutu mango ya rangi ya manjano. Hiyo ilikuwa kampaundi ya kwanza kujulikana ya gesi adimu. Mwaka uleule kampaundi nyingine za zenoni na florini zilitengenezwa.

Jambo hili halipingi maelezo ya mzingo uliojaa, bali linaonyesha kiasi chake. Tukishuka safu kutoka heli hadi radoni, mzingo wa nje unazidi kuwa mbali na kiini, na nishati ya kung'oa elektroni inapungua: heli 2,372, neoni 2,081, arigoni 1,521, kriptoni 1,351, zenoni 1,170 na radoni 1,037. Kwa hiyo zenoni huweza kulazimishwa na elementi kali kama florini. Kriptoni hukubali kwa shida zaidi. Kampaundi ya arigoni, HArF, ilitambuliwa mwaka 2000 nchini Finland, lakini katika baridi kali sana tu. Heli na neoni ndizo ngumu kuliko zote. Ndiyo sababu leo husemwa kwamba gesi hizi huungana "kwa nadra".

Ikumbukwe pia kwamba utulivu huu ni wa elektroni, si wa kiini. Radoni ina mzingo uliojaa, lakini kiini chake huvunjika chenyewe na kutoa mnururisho, hivyo kuivuta kwa muda mrefu ni hatari kwa mapafu.

## Matumizi katika taa

### Balbu ya waya

Ndani ya balbu ya zamani, inayoitwa pia globu, kuna waya mwembamba wa wolframi (tangsteni). Umeme ukipita, waya hupata joto la karibu sentigredi 2,500 na kung'aa. Katika joto hilo wolframi huungana na oksijeni papo hapo. Kioo kikipata ufa, hewa huingia, na taa ikiwashwa waya hukatika mara moja na kuacha unga mweupe au wa manjano ndani ya kioo. Unga huo ni oksidi ya wolframi, na ni dalili kwamba hewa iliingia.

Balbu za kwanza zilitolewa hewa yote zikabaki tupu. Waya haukuungua, lakini tatizo lingine lilitokea. Katika utupu atomu za wolframi huchomoka kwenye waya wa moto, huruka moja kwa moja hadi kwenye kioo na kuganda hapo. Kioo huwa cheusi, na waya huzidi kuwa mwembamba mpaka ukatike.

Mwaka 1913 Irving Langmuir wa Marekani alionyesha kwamba ni afadhali kujaza gesi isiyoungana na waya. Atomu ya wolframi inayochomoka hugongana na atomu za gesi, na nyingi hurudi zilikotoka. Mwanzoni nitrojeni ilitumika, baadaye arigoni pamoja na nitrojeni kidogo ya kuzuia umeme kuruka kati ya nguzo mbili za waya. Arigoni ina faida mbili. Haiungani na wolframi hata katika joto hilo, na atomu zake ni nzito kiasi, kwa hiyo hupunguza mwendo wa zile zinazochomoka. Kriptoni ni nzito zaidi na hupitisha joto kidogo zaidi, hivyo hufanya kazi vizuri kuliko arigoni, lakini bei yake ni kubwa.

Katika balbu hii gesi haitoi mwanga. Mwanga unatoka kwenye waya, na kazi ya arigoni ni kuulinda.

### Taa ya neoni

Katika taa ya neoni hakuna waya unaong'aa. Gesi yenyewe ndiyo inayotoa mwanga. Mfaransa Georges Claude aliionyesha hadharani mjini Paris mwezi wa Desemba 1910. Ni bomba la kioo lenye neoni kidogo, kwa shinikizo la karibu sehemu moja ya mia ya shinikizo la hewa ya kawaida, na kipande cha chuma kila mwisho cha kuingizia umeme. Bomba refu la matangazo huhitaji volti elfu kadhaa.

Umeme unapopita, elektroni zinazokimbia ndani ya bomba hugonga atomu za neoni. Pigo kali hurusha elektroni moja ya neoni kutoka mzingo wa pili uliojaa hadi ngazi za juu zilizokuwa tupu. Haikai huko, hushuka kwa hatua, na katika hatua mojawapo hutoa mwanga mwekundu wa machungwa. Hatimaye hurudi mahali pake, na atomu huwa kama ilivyokuwa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Rangi nyekundu haitokani na kujaa kwa mzingo, kwa maana mvuke wa natiri, usio na mzingo uliojaa, nao hutoa mwanga, wa manjano. Rangi hutegemea umbali wa nishati kati ya ngazi za atomu husika. Kujaa kwa mzingo kunaeleza kitu kingine, yaani kwa nini taa hudumu. Kabla ya Claude palikuwa na taa za mabomba zenye nitrojeni au dioksidi ya kaboni. Gesi hizo zilipotea kidogo kidogo ndani ya bomba, zikalazimika kuongezwa kila mara. Neoni inaweza kupigwa na kurudi mara zisizohesabika bila kuungana na chuma wala kioo, ili mradi bomba lisivuje. Likivuja, rangi huanza kugeuka kuwa ya zambarau hafifu kutokana na nitrojeni ya hewa, kisha taa hufa.

Mfano mdogo wa taa hii uko ndani ya bisibisi ya kupimia umeme, maarufu kama testa. Kile kitaa cha rangi ya machungwa kinachowaka ncha ikigusa waya wenye umeme ni neoni. Kwa upande mwingine, matangazo ya buluu yanayoitwa "ya neoni" kwa kawaida hayana neoni. Yana arigoni na mvuke wa zebaki.

## Matumizi katika maputo

Puto hupaa ikiwa gesi iliyomo pamoja na mpira wake ni nyepesi kuliko hewa iliyosukumwa pembeni. Kwa halijoto na shinikizo sawa, ujazo sawa wa gesi yoyote una idadi sawa ya chembe. Kwa hiyo inatosha kulinganisha uzito wa chembe mojamoja. Wastani wa chembe ya hewa ni 29, molekuli ya hidrojeni (H₂) ni 2, na atomu ya heli ni 4.

Hidrojeni hubeba kwa nguvu ya 29 − 2 = 27, na heli kwa 29 − 4 = 25. Ingawa heli ni nzito mara mbili ya hidrojeni, uwezo wake wa kuinua ni karibu asilimia 93 ya ule wa hidrojeni. Upungufu huo ni mdogo ukilinganishwa na usalama unaopatikana.

Usalama huo ndio unaotokana na mzingo uliojaa. Hidrojeni huungana na oksijeni ya hewa kwa cheche ndogo. Tarehe 6 Mei 1937 chombo cha anga cha Kijerumani kilichoitwa Hindenburg, kilichojazwa hidrojeni, kilishika moto kilipokuwa kinatua Lakehurst, New Jersey, nchini Marekani. Kiliteketea kwa muda usiofika dakika moja, na watu 36 walikufa. Kilikuwa kimebuniwa kutumia heli, lakini sheria ya Marekani wakati ule ilizuia kuuza heli nje. Heli haiwezi kuwaka: haina elektroni ya kushirikiana na oksijeni.

Kujaa kwa mzingo kunasaidia kwa namna nyingine isiyoonekana haraka. Uzito mdogo wa heli unatokana na kiini chake, chenye protoni 2 na nyutroni 2. Lakini kama atomu zake zingeungana mbilimbili, chembe ingekuwa na uzito wa 8, na heli ingeinua kidogo zaidi. Mfano wa neoni unaonyesha hili vizuri. Atomu ya neoni (20) ni nzito kuliko atomu ya nitrojeni (14). Hata hivyo gesi ya neoni ni nyepesi kuliko gesi ya nitrojeni, kwa sababu nitrojeni hutembea mbilimbili (28) na neoni hutembea moja moja. Arigoni, yenye 40, huzama. Puto la arigoni hulala sakafuni.

### Mfano wa hesabu

Puto la sherehe lenye kipenyo cha sentimita 28 lina ujazo wa karibu lita 12. Katika halijoto ya sentigredi 25, lita moja ya hewa ina gramu 1.18, na lita moja ya heli gramu 0.16. Kila lita ya heli inainua karibu gramu 1, hivyo puto zima huinua karibu gramu 12. Mpira wake ukiwa na gramu 3, hubaki gramu 9 za kubeba uzi na kadi. Mtoto wa kilo 20 angehitaji maputo zaidi ya 2,200.

Puto la mpira likijazwa asubuhi, mara nyingi huwa limeshuka kesho yake. Heli haikuungana na mpira. Atomu zake, kwa kuwa ni ndogo na ziko mojamoja, hupenya katika matundu madogo sana ya mpira. Puto la karatasi ya plastiki iliyopakwa metali hudumu siku nyingi zaidi.

Kutoungana hakumaanishi kuwa heli haina madhara. Mtu akivuta heli ili sauti yake iwe nyembamba, mapafu yake hujaa gesi isiyo na oksijeni, na anaweza kuzimia bila kuhisi kubanwa pumzi. Kuvuta moja kwa moja kutoka mtungi ni hatari zaidi, kwani shinikizo linaweza kupasua mapafu.

## Chanzo cha heli

Kwa kuwa heli haiungani na kitu, hakuna madini yanayoundwa nayo, na ikifika hewani huweza kupanda hadi kutoka angani kabisa. Heli inayouzwa hutoka chini ya ardhi. Huko huzalishwa polepole kutokana na kuvunjika kwa viini vya urani na thori ndani ya miamba ya kale, na hubaki pale inaponaswa chini ya tabaka la mwamba usiopitisha gesi.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford vya Uingereza walitangaza kwamba bonde la Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, lina heli nyingi. Maelezo yao ni kwamba miamba ya kale sana ya eneo hilo ilikusanya heli kwa muda mrefu, na joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungua. Gesi hiyo ilipanda pamoja na nitrojeni hadi kwenye mashimo ya karibu na uso wa nchi, na sehemu yake hutoka katika chemchemi za maji moto. Iliweza kusafiri njia yote hiyo ikabaki heli, kwa sababu haikukuta njiani kitu cha kuungana nacho.